Lango Linalojifunga Lenyewe

Jumanne, 1 Oktoba 2019
Daktari kasema ni mapafu. Hakutaja miezi. Aliangalia dirishani. Basi naandika ukweli, ingawa kwa miaka ishirini na minane ya kulinda stoo za buti za jeshi niliandika mambo mengine kabisa daftarini.

Asubuhi nikamtengenezea Bi Hosiyat lango. Jirani, mke wa Mirzohid. Mirzohid hatoki kitandani, naye ndiye rafiki pekee niliyebakiza katika mji wote wa Marghilan. Lango lina pande mbili, na wa kulia ulikuwa unakwaruza chini. Pini ya bawaba ya chini imeliwa na kutu ndani ya nguzo. Kwenye kopo langu nina pini fupi tu! Nikaichimbia na saruji hivyo hivyo. Ikawa imebana karibu na nguzo, na ya juu imejitokeza vidole viwili zaidi. Nikarefusha mkono wa bawaba ya chini kwa kipande cha chuma na boliti mbili ili lango lisimame wima.

Ijumaa, 4 Oktoba
Saruji imekauka. Nikalitundika, nikalifungua, nikaliachia. Likarudi lenyewe! Ukilifungua, ncha yake inapanda kidogo. Ukiliachia, uzito wake unalirudisha. Nikalipigia saluti. Mfereji wa maji unapita mbele ya kila mlango na watoto wadogo wanatoroka kila siku. Utajiri wangu uko kwenye pini fupi. Miaka themanini na moja nimeusubiri.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nyumba tano zimeagiza. Bi Hosiyat kataka na upande wa kushoto. Tolib, fundi wa kuchomelea wa pale kona, kaja kucheka. Eti, "Ami, lango lako lina hasira kama wewe, linamfukuza mgeni kabla hajasalimia." Kisha, kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto, akashauri niweke kulabu ukutani, ya kulishikilia lango likitakiwa wazi. Nikamwambia kulabu ni ya mafundi wanaokosea hesabu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Bi Hosiyat naye kaomba kulabu. Kasema, "Kaka Ergash, siku ya wageni je?" Nikamjibu aweke tofali. Kulabu ni kazi ya dakika kumi. Chuma ninacho. Lakini Tolib angesema ni wazo lake.

Jumamosi, 19 Oktoba
Nyumba kumi na moja! Nimekohoa damu kidogo nikitoboa nguzo ya mwisho. Mke wa mwanangu, Dilorom, kaninyang'anya drili. Eti, "Baba, hata kufa unataka kufa kwa ubishi?" Sikuwa na pumzi ya kubisha.

Jumatano, 23 Oktoba
Mirzohid amefariki alfajiri.

Hapa kwetu msiba ukiingia, lango la wafiwa hufunguliwa kabisa, na majirani hufungua yao ili kupokea wageni. Mtaa mzima wazi. Leo mtaa mzima ulikuwa unajifunga. Pa! Pa! Wazee waliovaa mishipi ya msiba wakakimbia huku na huku na matofali ya kuyazuia malango. Imamu kapigwa kiwikoni.

Kisha wakambeba Mirzohid. Wabebaji walipofika katikati ya lango, mmoja akagusa tofali la kushoto kwa mguu. Likateleza. Upande ukaja. Mbebaji wa kulia akaruka kuuzuia, akaangusha tofali la upande wake. Pande zote mbili zikalibana jeneza kama mkasi. Likainama. Nikaona shuka ikiteleza upande wa miguu. Bi Hosiyat akapiga ukelele, ambao nausikia hadi sasa ninapoandika.

Tolib ndiye aliyeingiza mabega yote mawili. Akazishikilia pande zote mpaka rafiki yangu akapita. Laiti angetaja kulabu, ningemchukia vizuri.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimekwenda kuomba radhi. Lango likanifungia usoni. Bi Hosiyat alikuwa nyuma yake, nilimsikia akipumua. Nikamwambia nilikuwa na chuma na nilikuwa na dakika kumi. Akasema kwa upole kwamba anajua. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 3 Novemba
Siinuki tena. Dilorom ananiwekea mto mgongoni niandike. Anasema Tolib amepita nyumba zote na kuweka kulabu, bure. Ya kwetu pia. Nimeiangalia kupitia dirisha. Kazi safi, nakiri mbele ya Mungu.

Ila ina kasoro. Lazima mtu aifungue kwa mkono! Nimefikiri usiku kucha. Kopo limetobolewa chini, limejaa mchanga, linaning'inia kwenye kulabu na kuibana. Mchanga ukimwagika wote, kopo linakuwa jepesi, kulabu inainuka, lango linajifunga. Lenyewe! Familia zote zitalitaka. Nimemwambia Dilorom kopo lijaribiwe kwanza siku ya mazishi yangu. Kaniuliza mchanga kiasi gani.

Nusu kopo latosha. Sitarajii watu wengi.