Rambirambi ya Kiarabu kwa Muutasim

Jumanne, 4 Novemba 2025
Mama yake Muutasim amefariki kwao Kassala. Muutasim ni Msudani, tunafanya naye kazi hapa ofisi ya mizigo mtaa wa Xiaobei. Mtu mkimya, hunimiminia chai bila kuombwa. Maziko yameshapita na yeye yuko huku Guangzhou, China. Nimehuzunika kwa dhati. Pia nimekumbuka kwamba Bi Swalha, bosi wetu, anatafuta mtu wa kukaa meza ya wateja Waarabu, na mwenzetu Nahla wa Unguja anaitaka meza hiyo.

Bi Swalha akauliza nani ataandika rambirambi kwa Kiarabu kwa niaba ya ofisi. Nahla alikuwa kwenye simu. Nikasema ni mimi, nimesoma chuo cha Kurani Magomeni miaka mitano. Sikusema kwamba nilifundishwa kusoma herufi, si kuelewa.

Jumatano, 5 Novemba
Nimepata mfano mtandaoni, wa kumpa pole mwanamume aliyefiwa na mama:

A'dhama-llahu ajraka, wa ahsana azaaka, wa ghafara laha, wa rahimaha, wa askanaha fasiha jannatihi, wa alhamaka-s-sabra wa-s-sulwan.

Nikaona kasoro. Mwandishi anaanza na -ka, katikati anahamia -ha, mwisho anarudi kwenye -ka. Uzembe. Nimezinyoosha zote kuwa -ka: laka, rahimaka, askanaka. Inasomeka kama kaswida. Juu nimeweka Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, hiyo naijua. Saa nne na dakika arobaini nikaituma kwenye kundi la ofisi la Wechat. Watu sitini na watatu, wateja wakiwemo.

Dakika saba baadaye Nahla akaja na simu mkononi. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia -ka ni wewe, mwanamume ninayesema naye. -Ha ni yeye, mwanamke. Mwanzo na mwisho anaombewa mfiwa: Mungu akuze ujira wako, akupe faraja njema, akutie subira. Katikati anaombewa marehemu: amsamehe, amrehemu, amweke kwenye pepo yake pana.

"Umemzika Muutasim, kaka Maulid," akasema.

Wechat inakuruhusu kurudisha ujumbe ndani ya dakika mbili tu. Nikamwomba asimwambie Bi Swalha. Akasema hana haja, wateja wawili wameshapiga simu kuuliza Muutasim kafa kwa nini.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeshinda stoo nyuma ya marobota. Mpango wa kwanza: simu yangu iliibwa. Lakini ninayo mkononi. Mpango wa pili: ni lahaja ya Magomeni. Nahla kanikuta huko nikiufanyia mazoezi. Akasema Muutasim hajaja kazini siku ya tatu, yuko chumbani peke yake, na mimi ninahangaika na jina langu. Niende kwa mfiwa, mengine niyaache. Sikulala vizuri hata kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekwenda baada ya sala. Muutasim akafungua mlango, macho mekundu. Nikasema samahani, mimi sijui Kiarabu.

Akasema anajua. Binamu yake, aliyesikia kwa mteja kwamba Muutasim kafa, alipiga namba yake kutoka Jeddah akilia, akauliza nani anapokea hii simu. Muutasim akaanza kucheka, kisha akashindwa kuacha, kisha kicheko kikageuka kilio. Nikamshika bega. Akaniambia mama yake alikuwa mwalimu, na barua ambazo yeye Muutasim alimwandikia akiwa mdogo, mama alizirudisha zimesahihishwa kwa wino mwekundu.

Akanipa kalamu. Akanisomea dua ile ile, -ha zikiwa mahali pake, mimi nikaandika polepole:

أعظم الله أجرك، وأحسن عزاءك، وغفر لوالدتك ورحمها، وأسكنها فسيح جناته، وألهمك الصبر والسلوان.

Nilipofika kwenye rahimaha niliikagua -ha mara mbili. Nikamsomea. Akajibu kama wanavyojibu kwao, Shakara-llahu sa'yakum, Mungu ashukuru jitihada zenu. Akaibandika karatasi ukutani. Chai alimimina yeye, ingawa mfiwa ni yeye. Nikarudi nyumbani nikiwa mtu mpya.

Jumatatu, 10 Novemba
Meza ya Waarabu kapewa Nahla. Nimempongeza. Karibu nimpongeze kwa Kiarabu, nikajizuia. Nimekua.

Mchana Bi Swalha akasema mzee wa ghala, Mchina tunayemtegemea, mama yake anatimiza miaka tisini, na nani ataandika kadi kwa Kichina. Watu wakatazamana. Nikasema ni mimi. Safari hii sibadilishi hata mstari mmoja. Jana nilipita ukumbi fulani, nje kuna mashada makubwa ya maua meupe yenye utepe, maandishi mazuri ajabu, na watu wengi waliovaa nguo nyeusi za heshima, wengine wakilia, nadhani kwa furaha. Nilipiga picha. Nimenakili herufi zote kama zilivyo, na kadi nimeshaipeleka.